Sado Tano na Debe Moja

Kila mwaka, miezi ile kabla ya mavuno, mchele unapanda bei, na kila mwaka sisi watu wa Ifakara tunashangaa kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. Ukitoka nje ya mji upande wowote unakutana na majaruba ya mpunga, watu wako ndani ya maji mpaka magotini, halafu unaingia sokoni unaambiwa bei utafikiri mchele umeletwa kwa ndege. Mimi jambo hilo huniudhi. Huniudhi kila mwaka, na sioni dalili ya kuzoea.

Wakati huo nilikuwa nauza chakula nje ya hospitali pamoja na wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Banda letu lilikuwa la mabati, na benchi mbili na meza moja yenye kitambaa cha plastiki. Asubuhi tunauza chai na maandazi, mchana wali na maharage, na mboga ya majani kidogo pembeni. Wateja wetu wengi hawakuwa wagonjwa bali wauguzaji: ndugu waliotoka mbali kuja kukaa na mtu wao wodini, wakilala kwenye mikeka na kufua nguo chini ya bomba. Sahani yetu ilikuwa shilingi elfu mbili. Nilijivunia bei ile kuliko nilivyojivunia wali wenyewe, na wali wangu haukuwa mbaya.

Wifi yangu ni mtu wa hesabu za haraka. Mimi ni mtu wa hesabu za polepole na ubishi wa muda mrefu. Tulipatana vizuri sana, maana kila mmoja alimwona mwenzake ana kasoro kubwa na alikuwa huru kuisema. Yeye aliniita "mwalimu" kwa sababu nilikuwa napiga hesabu kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Mimi nilimwita "benki" kwa sababu simu yake kubwa haikutoka mkononi hata anapokoroga maharage.

Jumamosi moja mchana, baada ya wateja kupungua, alichukua boksi langu, akaandika kwa kalamu nene: KUANZIA JUMATATU SAHANI 2,500. Akalibandika kwenye nguzo ya mbele bila kuniuliza.

"Wifi, hilo nini?"

"Unajua kusoma."

"Ninajua kusoma. Nauliza nani amekutuma."

"Mchele umenituma. Dukani leo kilo elfu mbili na mia nane. Juzi juzi tu tulikuwa tunanunua elfu mbili na mia nne. Tutauza hasara mpaka lini? Unataka tupike kwa sadaka?"

Nilitaka kumjibu, lakini nilimwona bibi mmoja, mteja wetu wa kila siku, amesimama mbele ya lile boksi. Bibi huyo alitoka vijijini upande wa Mlimba, alikuja kwa treni na mjukuu wake aliyevunjika paja baada ya kuanguka na pikipiki. Kijana alikuwa amefungwa mguu juu, anaendelea vizuri, lakini madaktari walisema bado wiki nyingi. Kila asubuhi bibi alikunywa kwetu chai na kula andazi moja. Kila mchana alinunua sahani moja, akaifunika na kuipeleka wodini. Kijana alikula kwanza, na kinachobaki kilikuwa cha bibi. Sahani ile moja ilikuwa chakula cha watu wawili.

Alilisoma boksi polepole, midomo ikicheza. Kisha akatusalimia kama kawaida, tukamwamkia, akaitikia, akaondoka na sahani yake. Afadhali angelalamika. Mtu akilalamika unapata la kumjibu.

"Umemwona?" nikamuuliza wifi.

"Nimemwona." Alikuwa anasugua sufuria kwa nguvu kuliko uchafu uliokuwepo. "Unafikiri mimi sina moyo? Nitafutie mchele, basi. Nitafutie mchele usiozidi elfu mbili na mia sita kwa kilo kabla ya Jumatatu, na boksi hili nitalitoa mimi mwenyewe. Ukizidi hapo, linabaki."

Nilikubali papo hapo. Nilijua wifi akishasema kiwango hageuki, hata kikimuumiza. Kwa hiyo suala lote likawa hilo: kilo moja ya mchele, elfu mbili na mia sita, kabla ya Jumatatu. Ikishindikana, bibi angekula kwa elfu mbili na mia tano, au asile.

Jioni ile ile wifi akanijia nyumbani mbio, simu mkononi, na uso wa mtu aliyeokota kitu. Kuna mama mmoja mwenye meza ya nafaka sokoni, ambaye namba yake wifi alikuwa nayo, na kila siku alikuwa anaweka bei zake kwenye stetasi. Stetasi inafutika baada ya siku moja, kwa hiyo wifi alikuwa ameipiga skrinishoti dakika chache tu kabla haijapotea. Niliivaa miwani yangu nikasoma:

*Mchele supa safi hauna mawe. Kilo 2,800. Sado 9,500. Debe 46,000. Maharage ya njano kilo 3,200...*

Chini ya hapo maneno yalikatika, yakabaki yale ya bluu yanayosema "Soma zaidi". Picha ya skrini huwezi kuibonyeza ikakufungulia kitu. Lakini yaliyokatika yalikuwa ya maharage na mengineyo, sisi shida yetu ilikuwa mchele, na mchele ulikuwa juu kabisa, umeandikwa vizuri.

"Kilo ni ile ile ya dukani," nikasema. "Hapo hakuna kitu."

"Kilo achana nayo. Tazama debe." Alikuwa ameshafungua kikokotoo. "Debe ni ishirini. Elfu arobaini na sita gawa kwa ishirini, elfu mbili na mia tatu. Elfu mbili na mia tatu, wifi! Chini ya bei ya zamani!"

"Na sado?" Kile kindoo kidogo cha kupimia nacho kilikuwa na bei yake.

"Sado ni nne. Elfu tisa na mia tano gawa kwa nne..." Akabonyeza. "Elfu mbili, mia tatu sabini na tano. Nayo inafaa, ila debe ni rahisi zaidi. Ukinunua vingi unapunguziwa, ndivyo biashara ilivyo."

Nami nilipiga zangu kwa mkaa sakafuni, nikapata yale yale. Tulifurahi kama watoto. Mume wangu alituuliza kuna nini, tukamwambia haya ni mambo ya wafanyabiashara, aendelee na redio yake. Nilikumbuka yule bibi, nikalala vizuri sana.

Jumapili baada ya misa tulikwenda sokoni moja kwa moja na nguo zetu za kanisani. Yule mama alikuwa mwanamke mnene mwenye ushungi wa kijani na ucheshi mwingi, familia yao ilitoka pwani zamani na wameuza nafaka Ifakara tangu kwa babu. Mchele wake ulikuwa mzuri kweli. Tukaomba debe. Akajaza debe la bati, akapitisha fimbo juu ya mdomo wa debe, mchele ukawa sawa na ukingo, akaumimina kwenye kiroba chetu. Wifi akalipa elfu arobaini na sita, tukaondoka na kiroba kwenye baiskeli ya kukodi.

Ningeishia hapo kama nisingekuwa na ubishi. Njiani tunapita kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na pale kuna mizani ya kupimia magunia. Nikamwambia mwenye baiskeli asimame kidogo.

"Ya nini?" wifi akauliza.

"Nataka kuona ishirini yako kwa macho."

Kiroba kikapanda kwenye mizani. Kijana wa mashine akasoma: kilo kumi na sita na nusu.

Wifi akamwambia asome tena. Akasoma tena. Akamwambia atoe kiroba akirudishe. Akakitoa, akakirudisha, na mizani ikakataa kubadilisha maneno. Wifi akatoa simu, akagawa, na nikaona shingo yake inavimba. Elfu arobaini na sita kwa kilo kumi na sita na nusu ni karibu elfu mbili na mia nane. Bei ya dukani! Tulikuwa tumekodi baiskeli na kuchafua viatu vya kanisani ili tununue mchele kwa bei ya jirani.

"Ametuibia," wifi akasema. "Kilo tatu na nusu zimekwenda wapi? Twende."

Tulirudi kwa kasi ambayo hatukumlipia mwenye baiskeli. Nami nilikuwa nimewaka vilevile, sijifanyi mtakatifu. Kichwani nilikuwa nimeshaandaa hotuba.

Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, na soko zima la nafaka likisikiliza pamoja naye. Kisha hakukasirika, akacheka.

"Dada zangu, debe ni ishirini nini?"

"Kilo!" wifi akasema.

"Debe ni lita ishirini. Lile lilikuwa debe la mafuta, mafuta yanapimwa kwa lita. Ukijaza maji utapata kilo ishirini. Ukijaza mchele, una hewa katikati ya punje, hupati ishirini mpaka kiama. Ukijaza mpunga ambao haujakobolewa hufikii hata kumi na tano. Chombo ni kile kile, uzito unabadilika."

Nimezaliwa bondeni, nimebeba debe kichwani tangu utotoni, na maisha yangu yote nimesema "debe ni ishirini" bila kujiuliza ishirini ya nini. Na najua sikuwa peke yangu, maana jirani wa yule mama, wa meza ya pili, alikuwa ameacha kupepeta anatutazama kwa mshangao.

"Halafu," mama akaendelea, "niliandika wazi. Hamkusoma mpaka mwisho?" Akatoa simu yake, akafungua stetasi ya siku hiyo, yenye bei zile zile, akabonyeza pale penye "Soma zaidi". Chini ya maharage kulikuwa na mstari: *Debe ni la kusawazisha, halina kilima. Sado ni ya kilima.*

Kilima ni ule mchele unaopanda juu ya ukingo wa chombo mpaka unachongoka na kuanza kumwagika. Kwetu hakuna mwanamke anayenunua sado bila kilima. Ukisawazisha sado ya mteja ataiacha pale pale aende meza nyingine, tena atawaambia wenzake. Debe ni habari nyingine, wanaonunua kwa madebe ni wachuuzi, na wachuuzi wanasawazishiwa.

Wifi alikuwa anaitazama simu yake kama imemsaliti. Nami ubishi wangu ukaamka tena, safari hii ukanielekeza pazuri.

"Mama," nikasema, "naomba kitu kimoja, na usinielewe vibaya. Tupimie sado moja, halafu uiweke kwenye mizani yako."

Nilijua naomba jambo zito. Meza yake ilikuwa na mizani ndogo ya umeme kwa wale wa kilo, lakini sokoni kwetu kinachopimwa kwa chombo hakipelekwi kwenye mizani. Ni kama kumwambia mtu mbele za watu kwamba humwamini. Ucheshi ukamtoka kidogo usoni.

"Unanihukumu mara ya pili?"

"Hapana, mama. Mara ya kwanza nilikuhukumu, na nimekosea. Sasa najihukumu mwenyewe. Nilisema sado ni kilo nne. Nataka kujua ni ngapi."

Alinitazama, akapima. Sado ni ndoo ndogo ya rangi ya lita nne, pana mdomo. Akajaza, akaongeza, akaongeza tena kwa kiganja mpaka kilima kikasimama. Akamimina kwenye mfuko, akaweka juu ya mizani. Kilo tatu na gramu mia nane.

Wifi hakungoja kuambiwa. "Elfu tisa na mia tano gawa kwa tatu nukta nane." Akainua uso. "Elfu mbili na mia tano. Kamili."

"Rudia."

"Elfu mbili na mia tano, wifi."

Tukaangaliana. Jana, kwenye skrinishoti, debe lilikuwa rahisi na sado ilikuwa ghali. Leo, kwenye mizani, kilo ya debe ilikuwa karibu elfu mbili na mia nane na kilo ya sado elfu mbili na mia tano. Sado tano za maji zinajaza debe moja sawasawa, lakini sado tano za mchele zina vilima vitano, na debe lile halikuwa na hata kimoja. Sado tano zingetupa kilo kumi na tisa. Hata debe lingewekewa kilima lisingezifikia, kwa sababu lina kilima kimoja tu na mdomo wake ni mwembamba kwa urefu wake.

Yule mama alikuwa wa mwisho kuelewa, na alipoelewa alijipiga kofi pajani. "Kumbe mimi wa jumla ndio ninaowakamua, na wa rejareja ndio wanaonikamua mimi! Miaka yote hii!"

Wifi akaingiwa na hofu. "Mama, usitoe kilima."

"Nitoe kilima nife njaa? Nikitoa kilima leo, kesho nitakuwa nauza kwa panya." Akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya ushungi. "Haya, mnataka sado ngapi?"

Tukanunua nyingine mbili, zikawa tatu pamoja na ile ya mizani. Mchele wa debe tulikuwa tumeshaulipia, tukabaki nao, na kuanzia hapo ni sado tu. Alizipima moja moja, kila moja na kilima chake, huku akitutania kwamba sisi ni majambazi wa nguo za kanisani. Tukaagana vizuri kuliko tulivyosalimiana.

Wifi alitimiza neno lake. Tulipofika bandani alilitoa boksi kwenye nguzo mwenyewe, akanikabidhi bila kunitazama. Nililigeuza upande usioandikwa, nikachukua kipande cha mkaa. Nilikuwa na furaha, na mimi nikifurahi napiga hesabu.

"Unahesabu nini tena, mwalimu? Tumeshinda."

"Nataka kujua tumeshinda kiasi gani. Kilo moja ya mchele inatoa sahani ngapi?"

"Tano. Unajua ni tano."

"Kati ya bei ya dukani na bei ya sado, tumeokoa shilingi mia tatu kwa kilo. Mia tatu kwa sahani tano ni..." Niliandika, nikafuta, nikaandika tena.

"Ni ngapi?"

"Sitini."

"Elfu sitini?"

"Shilingi sitini, wifi. Kwa sahani."

Alikuja akainama juu ya boksi. Akatoa simu akagawa mwenyewe, kwa sababu mkaa wangu hakuwahi kuuamini. Ikatoka sitini. Kisha akagawa kingine: kutoka elfu mbili na mia nne ya juzi mpaka elfu mbili na mia nane ya dukani ni mia nne, mia nne kwa sahani tano ni themanini. Kupanda kote kule kwa mchele, kelele zote zile za mji mzima, kwenye sahani yetu kulikuwa kumeongeza shilingi themanini. Na sisi tuliandika mia tano.

Alikaa kwenye benchi, simu imelala mapajani.

"Nilikuwa namfukuza yule bibi kwa shilingi themanini," akasema.

Sikumtania. Kulikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza. Nilikaa karibu naye tu. Mimi pia nilikuwa nimepigania kilo siku mbili nzima, na wakati wote huo sikuwahi kuifikisha ile kilo mpaka kwenye sahani. Bibi hakuwa anakula kilo.

Jumatatu asubuhi bibi hakuja kunywa chai. Wifi alikuwa anachungulia njia ya wodini kila anapomimina kikombe. Mchana, wakati wa foleni, tukamwona anakuja taratibu. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake na kuweka mezani noti mbili za elfu moja na sarafu ya mia tano.

Wifi akairudisha ile mia tano kwa kidole mpaka mbele yake. "Bibi, bei ni ile ile. Elfu mbili."

Bibi akaitazama sarafu, akatazama nguzo tupu, akamtazama wifi.

"Haipandi?"

"Haipandi, bibi. Tulikosea hesabu."

Akaichukua sarafu, akaishika kiganjani muda kidogo. "Hii ilikuwa ya chai na andazi langu la asubuhi," akasema. Kisha akavuta benchi, akakaa. "Basi nipe chai."

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, moto wa chai tulikuwa tumeshauzima. Wifi aliuwasha upya.